Maongezi na wachumba, Mbeya: selimundu na talasemia

Karibuni wachumba, sogeeni mbele, mvua ya Mbeya hii mnaijua. Najua vichwa vyenu viko kwenye mahari na sendoff, ila leo tuongelee selimundu na talasemia, magonjwa ya damu ya kurithi.

Mtu anaweza kuwa na AS, yaani kabeba kirithi kimoja cha selimundu, anacheza mpira, analima viazi, haumwi chochote, hajui. Sasa AS akioana na AS kila mimba ina asilimia 25 mtoto awe SS, mgonjwa, 50 abebe tu kama nyie na 25 awe AA, yaani hana kirithi hicho kabisa. Nasema KILA mimba jamani, maana kuna mama aliniambia wa kwanza kaumwa kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama, hapana, hesabu inaanza upya kila mara.

Na msiseme huku ni baridi hakuna malaria kwa hiyo selimundu haituhusu, wangapi hapa asili yenu Kyela kule kwenye joto? AS inamkinga mtu kiasi na malaria kali ndo maana imeenea sana ukanda wa joto.

Talasemia nayo inarithiwa hivyohivyo, na mmoja akiwa AS mwenzie kabeba beta talasemia mtoto anaweza kuumwa selimundu vilevile. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha selimundu peke yake hakitoshi, ombeni picha kamili ya damu na elektroforesisi ya hemoglobini, kipimo kinachoonyesha aina za hemoglobini ulizonazo kwenye damu.

Majibu yakitoka nendeni WOTE WAWILI kwa mshauri wa vinasaba au daktari, atawaeleza njia zilizopo, uamuzi unabaki wenu, hakuna wa kuwavunjia uchumba. Haya, dada wa nyuma pale, uliza.