Mwambieni Mteja Mlichokigusa

Vijana wangu, kaeni. Walio nyuma wasogee mbele, feni hii inameza maneno.

Karibuni mnaanza kupiga picha za wateja halisi, watu wanaolipa. Jana usiku nilipitia kazi zenu zote ishirini na mbili. Kwenye Photoshop, Healing Brush ya kufuta madoa mmeizoea, na Liquify ya kubadilisha umbo mmeizoea kupita kiasi. Wengi mna mkono mwepesi, na hilo limenifurahisha. Lakini hakuna hata kazi moja iliyoambatana na neno la kumweleza mwenye sura ni kitu gani kimebadilishwa. Hilo ndilo limenisimamisha hapa leo.

Nitaanza na kosa langu. Nilikuwa na stodio ndogo ya kupanga karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu, mwaka wa tatu katika kazi hii. Familia moja ilifiwa na mzee wao. Wakaniletea picha aliyopigwa harusini, anacheka, wakitaka ikuzwe isimame kando ya jeneza. Waliniambia tu, "Isafishe." Nikatoa mikwaruzo, nikatoa madoa, nikanyoosha kola. Halafu nikaona meno ya chini hayapo, nami, kwa wema kabisa, nikamjazia. Sikumwambia mtu.

Nyinyi wengi ni watoto wa hapa Kisumu, kwa hiyo mnajua. Mzee yule alikuwa wa rika la Wajaluo waliong'olewa meno sita ya chini ujanani. Lile pengo halikuwa uharibifu. Lilikuwa alama ya kwamba amekuwa mtu mzima wa watu wake, na mkewe aliishi na kicheko kile miaka yote ya ndoa. Mama alikuja asubuhi ya kuchukua mwili mochari. Akaitazama picha kimya, akapitisha kidole mdomoni mwa mumewe, akaniuliza, "Mwanangu, huyu umemtoa wapi?"

Gari lilikuwa linangoja. Hapakuwa na muda wa kuchapisha nyingine. Mzee akazikwa kando ya picha yenye mdomo wa mtu mwingine. Ningalimwambia mama jana yake sentensi moja tu, "Nimemjazia meno ya chini," angaliniambia nirudishe pengo, na ile ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Kurekebisha picha kwenyewe si dhambi, wala si jambo la leo. Kabla Photoshop haijaanza kuuzwa mwaka 1990, mafundi wa stodio walichonga penseli ikawa kali kama sindano, wakajaza mistari ya makunyanzi juu ya negativu, na usoni pakatoka laini. Tofauti ni kwamba penseli ile ilikuwa na mipaka yake. Sisi tunaweza kubadilisha taya, pua, kiuno, rangi, na mwenye sura asijue kamwe kilichotendeka. Ufundi unapofika hapo, anachobaki nacho mteja ni neno lako.

Swali mnaloniuliza kila siku ni hili: niseme kila kitu? Hata nikiongeza mwanga kidogo? Mimi natenganisha hivi. Kurudisha picha kwenye kile macho yako yalichokiona siku ile, hiyo ni kazi ya kawaida, na itoshe kusema "nimerekebisha mwanga na rangi." Chunusi ya wiki hii, jasho, uzi kwenye shati, unaweza kuondoa, kisha useme. Lakini kitu ambacho mtu ataamka nacho kesho na mwakani, kovu, doa la kuzaliwa, mwanya, unene wa mkono, hicho hukigusi mpaka umeuliza kwanza. Kovu la mtu huenda ndilo ushahidi wake kwamba alipona.

Sasa rangi ya ngozi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona kwenye kazi zenu kitu kilichoniuma. Msichana amepigwa picha ya mahafali, na ngozi yake imepandishwa weupe. Nilipouliza, nikajibiwa, "Mwalimu, nimemng'arisha." Huyo binti hakuomba. Unapompa picha hiyo bila neno, atadhani ndivyo kamera ilivyomwona, kisha ajitazame kwenye kioo cha nyumbani ajione amepungukiwa. Umemjeruhi, na hata hajui aliyemjeruhi ni nani.

Tena ni suala la ufundi. Mita ya kamera, ile inayopima mwanga, hutafuta kijivu cha wastani. Joho jeusi likijaa kwenye fremu, kamera hudhani pana giza, inaongeza mwanga, uso unapauka. Ukimpiga huyo huyo ufukweni Dunga, anga na ziwa vikiwaka nyuma yake, kamera inapunguza mwanga na uso unazama gizani. Kwa hiyo mpime mwanga usoni kwake, upate weusi wake mwenyewe. Ukiurudisha baadaye kwenye kompyuta, umerekebisha. Ukiupita, umembadilisha, na sharti aambiwe.

Picha za hati sizijadili. Pasipoti na viza, usiguse uso kabisa. Wamarekani, kwa mfano, hawakubali picha ya viza iliyobadilishwa kidijitali, na wateja wa viza mtawapata. Ukimlainisha uso kimyakimya, ni ombi lake linalokataliwa, wewe ukiwa umeshapokea hela yako.

Nchini Ufaransa, tangu Oktoba 2017, picha ya kibiashara ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norwe nayo ilianza kudai alama kwenye matangazo ya aina hiyo Julai 2022. Hizo ni sheria za kumlinda anayetazama tangazo. Ninayemtetea mimi yuko karibu zaidi: mtu aliyekaa kwenye kiti chako, ambaye sura ni yake.

Mtasemaje, basi? Kabla ya kupiga, uliza: "Kuna kitu usoni ambacho ungependa nikiache kama kilivyo?" Wakati wa kukabidhi, tuma ujumbe kwenye simu, au andika nyuma ya risiti, kwa lugha anayoielewa. Mfano:

"Habari mama. Picha zako 6 ziko tayari. Zote nimerekebisha mwanga. Namba 2 na 5 nimeondoa chunusi mbili kidevuni na kupunguza weusi chini ya macho. Umbo na rangi ya ngozi sijagusa. Picha kabla ya marekebisho ninazo. Ukizipenda hizo, nitakupa bila malipo."

Ujumbe mfupi tu. Na faili za mwanzo msizifute mpaka mteja aseme ameridhika.

Najua hofu yenu. Stodio ya jirani hainyanyui mdomo, na wateja wanajaa. Nimefanya hivi tangu yule mama, na wapo walioniacha. Lakini wengi wakisoma orodha ndipo wanapotambua kwamba kuna saa nzima ya kazi baada ya kamera kuzimwa, na ubishi wa bei unapungua. Wengine hunijibu, "Hilo doa lirudishe." Kila nikipata jibu hilo nashukuru Mungu kwamba niliuliza.

Jumatatu saa mbili tukutane Dunga. Kila mmoja aje na mtu mmoja wa kupiga, jamaa au rafiki. Jioni nitataka kwenu picha mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na ujumbe mliomtumia. Nitampigia simu yule mtu kumuuliza ni nini kilichobadilishwa usoni pake. Akishindwa kunijibu, kazi hiyo itarudiwa.