Rasimu ya ripoti ya mwani: naomba maoni yako kabla ya Alhamisi, tarehe 19 Juni

Assalaam alaykum Bi Zuhura,

Natumai bamvua hili linakwendea vyema huko Jambiani na kina mama wanavuna salama.

Nimekuambatishia rasimu ya ripoti yetu ya mwani (Ripoti_Mwani_Rasimu3.docx, kurasa 22). Nakuomba uipitie na unipe maoni yako kabla ya saa kumi jioni, Alhamisi tarehe 19 Juni. Nimeichagua siku hiyo kwa kuwa yatakuwa maji mafu na utakuwa umesharudi mjini. Mkurugenzi anaitaka Jumatatu tarehe 23 asubuhi, kwa hiyo nitakuwa na Ijumaa na mwisho wa wiki kuifanyia kazi.

Si lazima uisome yote. Utangulizi, pamoja na ile historia ya tangu 1989 kilimo kilipoanza upande wa Paje na Jambiani, uruke tu. Tahajia na picha atazishughulikia mwenzetu wa uchapaji. Wewe nakutegemea kwenye mambo manne.

La kwanza ni sehemu ya 3, ukurasa wa 9. Tumeandika kwamba kotonii inakufa kwa sababu ya joto la maji wakati wa kaskazi. Lakini kwenye mahojiano yako wapo kina mama waliosema matawi huanza kuwa meupe na kukatika baada ya mvua kubwa za masika, maji ya chumvi yanapochanganyika na ya mvua. Yote mawili yanaweza kuudhoofisha mwani hadi ukashikwa na ugonjwa ule. Je, kwa ulivyowasikia, tuseme joto ndiyo sababu kubwa, au tuyataje mawili kwa uzito sawa? Kama kuna kauli ya mkulima inayolieleza hili vizuri, nitafutie katika daftari lako niiweke bila jina lake.

La pili ni jedwali la 2, ukurasa wa 13. Safu ya mavuno ina kilo, ila haisemi mwani ulipimwa mbichi au mkavu. Unajua mwenyewe tofauti ilivyo: gunia lililojaa mwani mbichi likishaanikwa hubaki kidogo sana. Wakulima wa upande wako walipokutajia kilo, walikuwa wanataja za mzani wa mnunuzi, yaani mkavu, au walikadiria pale pale ufukweni? Kama ni mchanganyiko, niambie ni mistari ipi, niitenganishe. Sitaki mtu achukue jedwali hili na kulinganisha kotonii na spinosam kwa vipimo viwili tofauti.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi: pendekezo la 2, ukurasa wa 18, linalosema wakulima wa kotonii wahamie maji ya kina kirefu. Kitaalamu lina mantiki, kwa sababu huko maji hayapati joto kama ya ufukweni yanapokupwa. Lakini anayelima leo anakwenda kwa miguu na kamba zake, anafunga mbegu kwenye vigingi akiwa amesimama kwenye maji ya magotini. Kina kirefu kinataka chombo, kinataka maboya, na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wangapi kati ya wanawake uliokaa nao wangeweza kwenda huko wenyewe? Nachelea pendekezo hili likipita kama lilivyo, kazi itahamia kwa wenye vyombo, na waliolea kilimo hiki miaka yote wabaki kuanika tu. Nakuomba uniambie waziwazi: tuliondoe, au tuliweke kwa masharti ya mafunzo ya kuogelea na chombo cha pamoja cha kikundi? Hapa nitafuata kauli yako, maana wewe ndiye uliyekaa nao.

La mwisho ni dogo. Muhtasari wa ukurasa wa 2 utasomwa kwa masheha. Usome kwa sauti; popote utakapokwama, weka alama. Halafu angalia tarehe za mafunzo tulizopanga mwezi wa Julai kama haziangukii bamvua, kwani siku hizo hatopatikana mtu nchi kavu.

Andika maoni yako pembeni ya faili lenyewe, au ukiona kuandika kunachukua muda, nitumie ujumbe wa sauti kwa simu ukitaja ukurasa. Nikiwa na jibu la swali la tatu peke yake mapema, kabla hata ya Alhamisi, litanisaidia sana kwa sababu bajeti inalifuata.

Ikiwa wiki hii umebanwa, nijulishe kufikia Jumatatu tarehe 16 ili nimuombe Bwana Makame aangalie angalau jedwali. Yeye hakuhudhuria mahojiano ya Jambiani, kwa hiyo sehemu ya 3 na mapendekezo bado ningekusubiri wewe.

Ahsante sana, na salamu kwa wote huko.

Khamis
Ijumaa, 13 Juni