Hotuba ya kumkumbuka Kocha, baada ya kisomo cha arobaini, Makorora Tanga

Assalaam aleikum. Na wenzetu Wakristo, Tumsifu Yesu Kristo. Shikamooni wazee wangu, shikamoo mama yetu. Wachezaji wenzangu mliotoka Dar na Muheza na mliotembea tu kutoka hapo nyuma, asanteni sana kuja.

Wenzangu wamesema niongee mimi kwa niaba ya wachezaji wote. Nilikuwa kipa, na kipa anawaona wenzake wote akiwa pale nyuma, kwahiyo nitasema nilichokiona.

Hapa mtaani sijui nani alikuwa anamwita Kocha kwa jina lake, hata wateja wa baiskeli walikuwa wanamwita Kocha. Unampelekea baiskeli ina pancha saa moja asubuhi unamkuta kashika blada ya mpira, anaiziba kwa gundi ileile ya pancha na kiraka cha tyubu, akimaliza anaanza kushona ngozi na sindano ya viatu, uzi kaubana kwenye meno, na wewe unasubiri. Mipira ya kwetu ilikuwa na viraka mpaka ikawa inapinda hewani. Kocha akasema kipa akiweza kudaka huu atadaka wowote, na kweli siku naenda kudaka mpira mpya kwenye Umiseta niliona kama nimepewa chungwa.

Mpira alikuwa anaujua jamani, tusimkumbuke kwa upole peke yake. Sisi wengine tunakimbilia mpira kama kuku wametupiwa mtama, yeye anapuliza filimbi, anatusimamisha hivohivo tulivyo, anamwuliza namba sita, mwanangu nyuma yako kuna nani? Hujui? Basi hujaanza kucheza. Mpaka leo nikiingia mahali nageuza shingo kwanza. Na ukimfokea refa, hata uwe umefunga mawili, unatoka, na hakupigii kelele, anakuonesha tu sehemu ya kukaa, pembeni yake.

Wagosi wenzangu mnajua alivyokuwa Coastal damu. Ubingwa wa 1988 alikuwa anausimulia kama harusi yake. Ila Machi 2019 Taifa Stars ilivyoifunga Uganda tatu bila tukaenda AFCON baada ya miaka 39, tulikuwa banda umiza, watu wanarukaruka, mimi namtafuta Kocha simuoni, nikamkuta nje kakaa kwenye tairi la lori analia. Akaniambia, nilikuwa naogopa nitakufa sijaona. Alhamdulillah aliona.

Sasa kuna kitu nataka niseme, na mama kaniruhusu.

Kocha alikuwa na kauntabuku, lile la jalada jeusi. Sisi wote tulijua ni la mahudhurio na tulikuwa tunaliogopa, tukidhani ukikosa mazoezi unaandikwa ili usipangwe Jumapili. Baada ya msiba mama akanipa nilitazame. Nikatafuta jina langu. Mwaka ule mzee wangu alikuwa kaachishwa kazi na mshahara wa mwisho hajalipwa, mimi nikakosa mazoezi siku tatu, sikumwambia mtu sababu, nilikuwa naona aibu. Kwenye daftari mbele ya jina langu kaandika kwa peni ya bluu, "Hajaja. Kwao jiko halijawaka. Niende."

Na alikuja. Nakumbuka alikuja jioni na baiskeli, nyuma kafunga kiroba cha unga na dagaa kwenye gazeti, akamwambia mama yangu kuna mteja kanilipa kwa unga mwingi mno utaniharibikia. Miaka yote hiyo niliamini kuna mteja alilipa unga.

Nikafungua kurasa zingine. Fulani kafiwa na bibi. Fulani ana homa, kapimwa, malaria. Fulani hana viatu, namba 40. Kila aliyekosa kaandikiwa sababu, na mwisho kaweka neno hilohilo, niende, na pembeni katia tiki alipokwenda. Nimetafuta lisilo na tiki, nimefika katikati ya daftari sijaliona bado.

Mama, ulikuwa unafua jezi 18 kila Jumapili usiku na hujawahi kupewa hata medali, na ule unga ulitoka jikoni kwako, sa hivi najua. Tunakushukuru sisi wote. Paa la chumba cha uani tumeshachanga, mafundi wanaanza Jumatatu, usikatae.

Daftari lipo hapa mezani, kila mtu baada ya chakula aje atafute jina lake, taratibu tu, kurasa zimelegea.

Saa kumi tunashuka uwanjani, wa zamani na hawa vijana wa sasa. Jezi zipo kwenye kile kiroba karibu na mlango. Kazifua mama mwenyewe jana, tulitaka kumsaidia akatufukuza.

Mwenyezi Mungu amrehemu Kocha wetu. Amin.