Wimbo wa siku saba na s inayoruka (darasa la watoto wa miaka 5 hadi 7)

Mwalimu mwenzangu, wiki ijayo ndo unanishikia darasa la Kiingereza, basi wimbo wenyewe huu hapa, maelezo yako chini. Mistari ya Kiswahili unaimba wewe, ya Kiingereza wanajibu watoto, mapigo manne ya makofi kila mstari.

Jumamosi, siku ya mosi, nani anapita mbio?
Saturday! Saturday! One cat runs!
Jumapili, wamekuwa wawili!
Sunday! Sunday! Two cats run!
Jumatatu, rukeni tuone!
Monday! Monday! Three dogs jump!
Jumanne, juu ya mti kuna kelele!
Tuesday! Tuesday! Four birds sing!
Jumatano, chura na wenzake!
Wednesday! Wednesday! Five frogs hop!
Alhamisi, majani yameisha!
Thursday! Thursday! Six goats eat!
Ijumaa, shhh, polepole...
Friday! Friday! Seven hens sleep!

Kiitikio (wote wamesimama):
S, s, umekaa wapi?
One cat runs! Nimekaa nyuma!
S, s, umehamia wapi?
Two cats run! Nimeruka mbele!

Utajiuliza mbona tumeanza Jumamosi. Mwanzo nilikuwa naanza Jumatatu kama kila mtu, paka mmoja Monday, wawili Tuesday, watoto wakanivuruga kabisa manake Jumatatu ina tatu ndani yake na wao wanaisikia, mtoto anaimba Monday anaonyesha vidole vitatu afu mi namwambia kosa, kumbe yeye ndo yuko sawa. Siku zetu zinahesabika zenyewe, mosi, pili, tatu, nne, tano, sa kwa nini tupigane nazo? Ukianza Saturday namba inajipanga mpaka Wednesday. Alhamisi na Ijumaa ndo hazina namba ya kushika, tena Alhamisi asili yake ni tano ya Kiarabu, usiwaambie wadogo hilo, waonyeshe tu vidole sita na saba.

Kazi kubwa iko kwenye s. Mtoto wetu amezoea wingi uje mwanzoni mwa neno, kiti viti, mtoto watoto, au usionekane kabisa kama paka mmoja paka wawili, kwa hiyo akisema "two cat" hajakosa akili, ametafsiri tu, kwake "wawili" imeshamaliza kazi. Halafu akishajua s ya wingi anaipachika kila mahali, "two cats runs". Ndo maana ya kile kiitikio. Chora viboksi viwili sakafuni kwa chaki, cha mbele kina picha ya paka na cha nyuma kina picha ya miguu inayokimbia, mtoto mmoja anakuwa s, anasimama kwenye miguu wakati paka ni mmoja, darasa likiimba two cats anaruka kwenye paka huku anatoa ssss. Hawezi kusimama kote kuwili, wataliona hilo wenyewe bila wewe kutaja kanuni yoyote. Watagombania kuwa s, andaa zamu mapema.

Angalia jambo moja, hii ya kuruka inafaa kwa paka, mbwa na wenzao. Ukileta I au you wakiwa peke yao itakusaliti, I run haina s popote, kwa hiyo usizilete wiki hii.

Kuhusu matamshi, cats na goats zinaishia s ya nyoka, ila dogs, birds, frogs na hens zinaishia z ya nyuki. Usifundishe kama somo, we tamka vizuri tu, wataiga. Buses na boxes ziache kabisa, zinaongeza silabi na mapigo yataharibika. Wednesday waimbe "wenzdei", ile d ya kwanza haisikiki. Thursday ianze kama thelathini, hapo sisi tuna bahati.

Na hizi "runs" na "jumps" ni za mambo ya kila mara, yaani paka hukimbia, chura huruka. Sisi "anakimbia" inabeba ya sasa hivi na ya siku zote, kwa hiyo usimkimbize mtoto darasani huku unasema run, atadhani ni ya sasa hivi tu. Mi nafanya hivi, nashika picha ya paka aliyelala fofofo nauliza, huyu huwa anafanya nini Jumamosi? Wanapiga kelele One cat runs! na wengine wanabisha kwamba amelala. Waache wabishane kidogo, afu geuza picha.

Jumatatu imba mpaka Monday tu, ukiona wameshika ongeza siku mbili kila kipindi. Dakika 10 zinatosha, zaidi ya hapo wale wa nyuma wanaanza kuwa mbwa kweli.