Thamani aigeni: ukurasa wa mwisho kabla ya Jumatatu

Kwa kundi la diskasheni la Chumbageni. Mtihani ni Jumatatu saa 2 asubuhi. Nimeubana huu uingie upande mmoja wa A4, na kijana wa fotokopi pale Ngamiani kashaniambia herufi ni ndogo kama chawa. Vumilieni. Hatua wote mnazijua. Alama zinatupotea kwa kutohakiki. Kwa hiyo kila hatua hapa ina uhakiki wake pembeni, na hakuna unaozidi nusu dakika.

Maana

`Av = λv`, na `v ≠ 0`. Yaani matriki ikiizidisha vekta hii, haiitoi kwenye mstari wake: inairefusha, inaifupisha, au inaigeuza nyuma. λ inaruhusiwa kuwa 0. Vekta hairuhusiwi. (Neno lenyewe ni la Kijerumani, "ya mwenyewe", Hilbert alilitumia mwaka 1904. Hawaulizi.)

Mbili kwa mbili

Usianze kufungua mabano. Chukua jumla ya ulalo `t` na ditaminanti `d`, andika moja kwa moja:

`λ² − tλ + d = 0`

Mfano tutakaoutumia mpaka chini:

```
A = [ 7  2 ]
    [ 3  6 ]
```

t = 13, d = 42 − 6 = 36. Mlinganyo: λ² − 13λ + 36 = 0, yaani (λ − 9)(λ − 4) = 0. Basi λ = 9 na λ = 4.

Uhakiki: 9 + 4 = 13, ndiyo t. 9 × 4 = 36, ndiyo d. Fanya vyote viwili, sababu inakuja.

Vekta kwa haraka: kama mstari wa kwanza ni (a, b) na b si 0, vekta ni `(b, λ − a)`.
λ = 9: (2, 2), punguza iwe (1, 1).
λ = 4: (2, −3).
Uhakiki ni kuzidisha tu: A ikizidisha (2, −3) inatoa (14 − 6, 6 − 18) = (8, −12), ambayo ni 4 × (2, −3). Imekubali.

Kuna na jicho la haraka zaidi. Jumlisha kila mstari wa A: 7 + 2 = 9, 3 + 6 = 9. Mistari yote ikitoa jumla moja, jumla hiyo ni thamani aigeni na vekta yake ni (1, 1). Hata kwa matriki kubwa. Safu wima zikitoa jumla moja, thamani unayo vilevile, ila vekta itabidi uitafute.

Kosa lililonigharimu

Kwenye jaribio la katikati ya muhula nilianza kwa kupunguza mistari ya A ili iwe pembetatu, kisha nikasoma ulalo. Nilipata 2 kati ya 10. Tazameni linavyodanganya: kwa A yetu, ukiondoa 3/7 ya mstari wa kwanza kwenye wa pili unapata ulalo 7 na 36/7. Zidisha: 36! Ditaminanti inakubali, nawe unaridhika kama nilivyoridhika. Lakini jumla ni 12 na kitu, si 13. Kupunguza mistari kunabadili thamani aigeni. Ruksa kupunguza mistari baada ya kutoa λ kwenye ulalo, unapotafuta vekta. Kabla ya hapo, hapana.

Tatu kwa tatu

`λ³ − tλ² + mλ − d = 0`

t na d ni zilezile. m ni jumla ya ditaminanti tatu ndogo: funika mstari na safu ya kwanza, chukua ditaminanti ya 2×2 inayobaki, kisha ya pili, kisha ya tatu. Alama ni kutoa, kujumlisha, kutoa. Hapa ndipo wengi wetu tunateleza.

```
B = [ 2  1  1 ]
    [ 1  2  1 ]
    [ 1  1  2 ]
```

t = 6, m = 3 + 3 + 3 = 9, d = 4. λ³ − 6λ² + 9λ − 4 = 0. Jaribu vigawo vya d: 1, −1, 2, −2, 4, −4. Ukiweka 1: 1 − 6 + 9 − 4 = 0. Gawanya, unabaki na (λ − 1)²(λ − 4). Thamani: 4, 1, 1. Na kwa jicho la mistari, 4 ilikuwa wazi tangu mwanzo.

Vekta za λ = 1: B − I ni moja tupu kila mahali, mistari yote mitatu inasema kitu kimoja, x + y + z = 0. Vigeu viwili viko huru, basi vekta mbili: (1, −1, 0) na (1, 0, −1). Vekta ya λ = 4 ni (1, 1, 1).

Uhakiki mkubwa wa hatua hii: ukipunguza mistari ya matriki iliyoondolewa λ, lazima angalau mstari mmoja ufe uwe sifuri zote. Ukibaki na jibu moja tu, x = y = z = 0, λ yako ni ya uongo. Rudi nyuma. Usibuni vekta, msahihishaji anaizidisha kwa macho.

Wakileta 5×5 msitetemeke. Abel alionyesha mwaka 1824 kwamba hakuna fomula ya jumla ya mlinganyo wa daraja la 5 kwa mizizi na hesabu za kawaida, kwa hiyo mtunzi kaficha njia ya mkato: pembetatu, vipande vilivyotengana kwa sifuri, au jumla za mistari.

Bila kukokotoa

Matriki pembetatu: thamani ndizo zilizokaa kwenye ulalo.
d = 0: basi 0 ni thamani aigeni, na matriki haina kinyume.
Linganifu yenye namba halisi: thamani zote ni halisi, na vekta za thamani tofauti zidisho lao la nukta ni 0. Ukipata i kwenye linganifu, umekosea alama mahali. Angalizo: (1, −1, 0) na (1, 0, −1) za hapo juu ni za thamani moja, zidisho lao ni 1, si kosa. Wakitaka zinazokaa wima, badili ya pili kwa (1, 1, −2).
Matriki ya namba halisi: changamano huja kwa jozi, 1 + 2i na 1 − 2i. Ukipata moja peke yake, umekosea.
Kwa vekta ileile: A² ina λ², kinyume kina 1/λ, A + 5I ina λ + 5. Ila A + B haina λ ya A kujumlisha λ ya B. `[0 1; 0 0]` na `[0 0; 1 0]` kila moja ina 0 tupu. Zikijumlishwa zinatoa 1 na −1.

Kuiweka kwenye ulalo

Panga vekta kama safu za P, thamani kwenye D kwa mpangilio uleule. Uhakiki hauhitaji kinyume cha P: angalia `AP = PD` na kwamba ditaminanti ya P si 0.

Lini inashindikana? λ ikijirudia mara k, unahitaji vekta k huru. Thamani zote zikiwa tofauti, imepita. `[3 0; 0 3]` inapita, `[3 1; 0 3]` haipiti, ingawa mlinganyo wao ni mmoja. Kwa hiyo "λ imejirudia" si sababu ya kuandika "haiwezekani", hesabu vekta.

Nguvu: `Aⁿ = P Dⁿ P⁻¹`. Kwa A yetu:

```
Aⁿ = 1/5 [ 3·9ⁿ + 2·4ⁿ   2·9ⁿ − 2·4ⁿ ]
         [ 3·9ⁿ − 3·4ⁿ   2·9ⁿ + 3·4ⁿ ]
```

Uhakiki: weka n = 0, lazima upate I. Weka n = 1, lazima upate A. Hii imepita zote mbili, jaribuni.

Cayley na Hamilton: matriki inatimiza mlinganyo wake yenyewe. A² − 13A + 36I = 0, basi A⁻¹ = (13I − A)/36. Wakiomba kinyume mwishoni mwa swali, ndicho wanachotaka; msianze upya.

Swali la maneno: baiskeli

Hili linakuja karibu kila mwaka, wanabadili bidhaa tu. Tuseme mtu anakodisha baiskeli 60 kwenye vituo viwili, Ngamiani na Raskazone. Kila siku 9 kati ya 10 za Ngamiani zinarudi Ngamiani, moja inaishia Raskazone. Za Raskazone, 8 kati ya 10 zinabaki, mbili zinakwenda Ngamiani.

```
M = [ 0.9  0.2 ]
    [ 0.1  0.8 ]
```

Safu zinatoa jumla 1 (hakuna baiskeli iliyoibwa), basi λ = 1. Nyingine bila mlinganyo: t − 1 = 0.7. Vekta ya 1: (0.2, 0.1), yaani (2, 1). Gawa 60 kwa uwiano huo: 40 Ngamiani, 20 Raskazone. Uhakiki: 0.9 × 40 + 0.2 × 20 = 36 + 4 = 40.

Wakiuliza kasi ya kutulia, jibu liko kwenye 0.7. Zote 60 zikianzia Ngamiani, ziada ni 20, na kila siku inabaki 0.7 ya jana. Baada ya siku 7: 20 × 0.7⁷, kama 1.65. Wiki moja tu, na kituo kina karibu baiskeli 42. Vekta ya 0.7 ni (1, −1), vipengele vyake vinajumlika kuwa 0, kwa sababu inahamisha baiskeli, haiongezi. Hesabu hiyo isipotoa 0 kwenye swali la aina hii, simama.

Kabla ya kuandika M, soma mara mbili kama swali linapanga "kutoka" kwenye safu au kwenye mistari. Ukigeuza, λ zitatoka sawa kabisa na vekta zitakuwa za kwingine, na hapo jumla na zidisho havikuokoi.

Za kujipima leo usiku, bila kikokotoo

1. `[5 4; 1 2]`, thamani na vekta.
2. `[1 −2; 2 1]`, thamani.
3. `[2 0 0; 5 −1 0; 7 4 2]`: je, inawekeka kwenye ulalo?

Majibu: (1) 6 na (4, 1), 1 na (1, −1). (2) 1 ± 2i. (3) Thamani 2, 2, −1; ukiondoa 2 kwenye ulalo mistari miwili inabaki hai, basi vekta ni moja tu kwa λ = 2. Haiwekeki.

Aliyekwama namba 3 aje Jumapili baada ya alasiri, barazani palepale. Aje na karatasi zake, zangu zimekwisha.