Swali la Tatu: Nyundo ya Matondoni

Sheria ya Jinai, Kenya. Soma maelezo yote kabla ya kujibu. Jibu sehemu (a) na (b).

Shee, mwenye miaka 34, ni fundi wa majahazi kijijini Matondoni, kisiwani Lamu. Famau, mvuvi wa miaka 29, alimletea mashua ikarabatiwe kwa Sh18,000, akatanguliza Sh6,000. Mashua ilirudi majini na baada ya siku kumi ikaanza kuvuja. Famau akakataa kulipa iliyobaki.

Siku ya Jumanne, barazani baada ya isha, Shee aliwaambia wenzake watatu: "Akija tena bila pesa nitamvunja."

Alhamisi, alasiri ikikaribia kwisha, Shee alikuwa amechutama ubavuni mwa jahazi jingine, anasindika pamba ya kalafati kwenye nafasi za mbao. Mkononi ana nyundo ya mti, nzito kama kilo moja na nusu. Tezo lake, lililotoka kunolewa adhuhuri, lilikuwa mchangani karibu na goti lake la kulia. Vijana wawili wanaojifunza kazi, Bakari na mwenzake, walikuwepo. Famau akaja na kuanza kusema kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini kwamba Shee ni mwizi, hajui kazi, na hata baba yake alikuwa akiwaibia watu. Shee aliendelea kugonga pamba. Mara mbili alimwambia, "Kaa kitako, tuzungumze." Famau hakukaa. Alimwinamia akamzaba kofi la uso.

Shee akainuka na nyundo ile ile, akasema, "Leo hutoki hapa na meno yako," akaipeleka mara moja. Bakari anasema nyundo ilikuwa inakwenda begani, Famau akajiinamisha kuikwepa, ikamtua juu ya sikio la kushoto. Famau akaanguka. Shee akaitupa nyundo, akavua kikoi chake akamfunga kichwa, akawa anapiga kelele ya kutaka boti. Maji yalikuwa yamekupwa, boti ikakaa juu ya mchanga karibu saa nzima kabla ya kuelea. Shee alikuwa ndani ya boti ameshika kichwa cha Famau mapajani mpaka gatini Lamu. Famau alifariki hospitalini alfajiri ya Ijumaa. Ripoti ya upasuaji wa maiti inaonyesha jeraha moja: fuvu limepasuka juu ya sikio, na damu imevilia ndani. Kwa polisi Shee alisema, "Nilimlenga bega. Sikutaka afe."

(a) Shee ameshtakiwa mbele ya Mahakama Kuu kwa mauaji ya kukusudia, chini ya kifungu cha 203 kikisomwa pamoja na cha 204 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63. Je, kosa lililothibitika ni hilo, au ni kuua bila kukusudia chini ya kifungu cha 202? (Alama 18)

(b) Jibu lako lingekuwaje iwapo (i) Shee angeiacha nyundo akaokota tezo; (ii) angempiga mara ya pili Famau akiwa chini; (iii) nyundo ingempata Bakari, aliyejitosa kati kuamua, naye ndiye akafa? (Alama 7)

JIBU

(a)

Makosa haya mawili yana shina moja. Kila moja linataka mtu awe amekufa, na kifo kiwe kimeletwa na kitendo cha mshtakiwa kisichoruhusiwa na sheria. Kinachoyatenganisha ni dhamira ovu tu, ile inayoelezwa na kifungu cha 206. Ikithibitika, ni kifungu cha 203. Isipothibitika, kifo hakimwachii mtu huru, bali kosa linashuka hadi kifungu cha 202.

Kifo na chanzo chake havina ubishi mkubwa. Mwanafunzi atakayejaza kurasa mbili kuhusu maji kupwa atakuwa amepoteza muda. Saa ile moja mchangani haikumpasua Famau fuvu. Kifungu cha 213 kinamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata pale ambapo matibabu yanayofaa yangeweza kumwokoa aliyejeruhiwa. Kumpiga mtu kwa nyundo kwa sababu ya kofi si kujihami pia, kwani Famau hakuwa na silaha, na hakuna shahidi anayesema alikuwa akiendelea kupiga.

Sasa twende kwenye dhamira, na hapa ndipo ninapoomba utulie. Wanafunzi wengi hukimbilia maneno ya Shee, "Sikutaka afe," wakaandika kwamba basi hakukusudia, kwisha. Hilo ni kosa, tena kosa la kuumiza, kwa sababu linaweza kumpotosha hata mtu anayemsaidia ndugu yake aliye rumande. Kifungu cha 206 hakitaki nia ya kuua peke yake. Fungu (a) linatosheka na nia ya kuua au ya kumtia mtu madhara makubwa. Fungu (b) linatosheka na kujua kwamba kitendo hicho yamkini kitaleta kifo au madhara makubwa, hata kama mtendaji hajali, hata kama moyoni anaomba yasitokee. Kwa hiyo Shee anaweza kuwa anasema kweli tupu kwamba hakutaka Famau afe, na bado akawa na hatia ya mauaji ya kukusudia. Swali la haki ni hili: je, alitaka kumvunja?

Upande wa mashtaka utalishika neno hilo hilo. Jumanne alisema "nitamvunja". Alhamisi akasema habari ya meno. Nyundo ya kilo moja na nusu ikipelekwa kwa nguvu huvunja mfupa, bega au kichwa, na fundi anayeishika kila siku anaujua uzito wake kuliko mtu mwingine yeyote. Kifungu cha 4 kinahesabu kuwa madhara makubwa jeraha linaloharibu afya vibaya au daima, au linaloelekea kufanya hivyo. Watasema kulenga bega hakumwokoi, kwa kuwa aliyekusudia kuvunja bega amekusudia madhara makubwa. Hoja hii ni nzito. Asiyeitaja asipate zaidi ya nusu ya alama.

Namna ya kuipima ni ya zamani. Katika Rex dhidi ya Tubere, mwaka 1945, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliagiza kuangalia silaha iliyotumika, jinsi ilivyotumika, sehemu ya mwili iliyoumizwa, na mwenendo wa mshtakiwa kabla, wakati na baada ya tendo. Nia haionekani kwa macho, ila huacha nyayo.

Anza na nyundo. Shee hakwenda kuitafuta. Alikuwa nayo mkononi anafanya kazi, akainuka nayo. Wakili wake atatamani kusema kwamba aliliacha tezo kwa hiari, achague kilicho butu. Mimi siipi hoja hiyo uzito mwingi, maana mtu ambaye mkono wake tayari umeshika kitu hachagui. Lakini jambo hilo hilo lina upande wa pili wenye nguvu zaidi: hapakuwa na hatua wala pumzi kati ya kofi na kipigo ambamo mpango ungeweza kukaa.

Kipigo kilikuwa kimoja. Kichwa ni mahali pa hatari, ndiyo, lakini ushahidi wa Bakari unasema kilikifikia kichwa kwa sababu Famau aliinama. Daktari ameona jeraha moja tu, na hilo linaafikiana na maneno ya Bakari. Kisha mwenendo wa baada: kikoi, kelele, boti, kichwa mapajani. Majuto hayafuti kosa, na mtu anaweza kuua kwa kukusudia kisha akalia. Hata hivyo aliyetaka kuvunja na akaona amevunja, kwa kawaida hashtuki kiasi hicho.

Na neno "nitamvunja"? Lisikilize kama lilivyosemwa. Barazani, mtu anayedai elfu kumi na mbili, mbele ya marafiki. Kwetu pwani neno hilo hutumika kwa kumfedhehesha mtu, kumkomesha, kumshika pesa yake, na pia kwa mfupa. Upande wa mashtaka ndio wenye mzigo wa kuthibitisha lilibeba maana gani, bila kuacha shaka ya maana. Kinacholidhoofisha zaidi ni Alhamisi yenyewe. Famau amekuja bila pesa, sharti la kitisho limetimia, na Shee amefanya nini? Ameendelea kugonga pamba. Amemkaribisha akae, mara mbili. Kama aliamka na nia ya Jumanne, nia hiyo ilikuwa na nafasi ya kutoka kabla ya kofi, na haikutoka.

Katika Nzuki dhidi ya Jamhuri, 1993, Mahakama ya Rufani ilimshughulikia mtu aliyemburura mwenzake nje ya baa akamchoma kisu akafa. Kisu! Lakini kwa kuwa hakuna kilichoonyesha nia mojawapo kati ya zile zinazotakiwa, hukumu ilishushwa kuwa ya kuua bila kukusudia. Kesi hiyo haisemi kila kipigo kimoja kinapona. Inasema nia haidhaniwi kwa sababu tu maiti ipo.

Maoni yangu ni kwamba dhamira ovu haikuthibitishwa. Shee alikusudia kumpiga, na hilo ni shambulio lisilo halali. Kwamba alikusudia kumtia madhara makubwa, au alijua yamkini yatatokea, panabaki shaka ya maana, na shaka hiyo ni yake.

Ukiniambia wewe umeridhika kwamba alitaka kumvunja bega, sitakunyima alama, lakini usiishie hapo. Nenda kifungu cha 207. Aliyeua kwa ghafla, katika joto la hasira lililowashwa na uchokozi, kabla hasira haijapata muda wa kupoa, ana hatia ya kuua bila kukusudia hata kama nia ilikuwepo. Kifungu cha 208 kinahesabu kitendo au tusi linaloweza kumnyima mtu wa kawaida uwezo wa kujizuia. Kofi la uso mbele ya vijana anaowafundisha, juu ya matusi ya baba, linaingia humo. Ugumu wake ni kama nyundo inalingana na kofi. Usizichanganye njia hizi mbili: ya kwanza inasema nia haikuwepo, ya pili inasema ilikuwepo lakini sheria inaihurumia.

Mahakama inaweza kumtia hatiani kwa kosa dogo bila shtaka jipya, kwa kifungu cha 179 cha Kanuni ya Utaratibu wa Jinai. Adhabu ya juu kwa kifungu cha 205 ni kifungo cha maisha, na jaji anaweza kutoa pungufu. Kwa mauaji ya kukusudia kifungu cha 204 kinataja kifo, ingawa tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Muruatetu, 2017, jaji halazimiki tena kukitoa.

(b)

(i) Tezo linabadilisha karibu kila kitu. Kuweka kimoja chini na kuokota kingine ni uamuzi, hata ukiwa wa sekunde mbili, na hakuna fundi asiyejua makali yaliyonolewa adhuhuri hufanya nini mwilini. Ningeona dhamira chini ya fungu (b) la kifungu cha 206. Shee angebaki na uchokozi peke yake.

(ii) Pigo la pili kwa mtu aliyelala halina bega la kulenga wala kuinama kwa kulaumu. Hapa ni mauaji ya kukusudia, na uchokozi ungekuwa mwembamba sana.

(iii) Fungu (a) linasema nia inatosha awe aliyekusudiwa ndiye aliyekufa au mwingine. Nia dhidi ya Famau ingemfuata Bakari. Lakini sheria huhamisha kilichokuwepo, haiongezi. Kama dhamira ovu haikuthibitika kwa Famau, kifo cha Bakari nacho ni kuua bila kukusudia.