Ombi la masharti ya kuhuisha mkataba wa bima mtawanyo wa moto kwa mwaka 2026

Idara ya Bima Mtawanyo
Makao Makuu, Arusha

Kumb. Na. BM/MOTO/2026/01
22 Septemba 2025

Mkurugenzi wa Mikataba,
Udalali wa Bima Mtawanyo,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUHUISHA MKATABA WA MGAO WA ASILIMIA, MOTO NA MAJANGA YANAYOAMBATANA, KUANZIA 1 JANUARI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wetu wa sasa unafika kikomo usiku wa 31 Desemba 2025. Tunaomba mtutafutie masharti ya mwaka unaofuata kwa kiongozi wa mkataba na washiriki wengine. Kama mnavyojua, tunabaki na asilimia 30 ya kila kinga na kuwaachia watoa bima mtawanyo asilimia 70, kikomo kikiwa TZS bilioni 6 kwa kila mali. Kamisheni ni asilimia 30. Asilimia 30 yetu inalindwa na mkataba wa ziada ya hasara wa TZS milioni 900 juu ya milioni 300 kwa tukio moja. Huo nao unaisha siku hiyohiyo, nami nitauandikia barua yake wiki ijayo.

Historia ya madai ni hii hapa. Hesabu zote ni za asilimia 100 kabla ya mgao, kwa TZS milioni, kwa mwaka wa uandikishaji, hadi 31 Agosti 2025.

| Mwaka | Ada za bima | Yaliyolipwa | Akiba ya ambayo hayajalipwa | Jumla ya madai | Uwiano |
|---|---|---|---|---|---|
| 2020 | 2,140 | 706 | 0 | 706 | 33.0% |
| 2021 | 2,385 | 913 | 0 | 913 | 38.3% |
| 2022 | 2,760 | 1,021 | 14 | 1,035 | 37.5% |
| 2023 | 3,120 | 3,498 | 182 | 3,680 | 117.9% |
| 2024 | 3,610 | 1,214 | 266 | 1,480 | 41.0% |
| 2025 | 2,890 | 322 | 371 | 693 | 24.0% |
| Jumla | 16,905 | 7,674 | 833 | 8,507 | 50.3% |

Tafadhali msiwaoneshe washiriki ule uwiano wa 24.0% wa 2025 kana kwamba ni mafanikio. Kinga nyingi za mwaka huo bado zinatembea, na ada iliyoandikwa si ada iliyokwisha kuchumwa. Kipimo cha haki ni miaka mitano iliyokamilika, 2020 hadi 2024: ada TZS milioni 14,015, madai milioni 7,814, uwiano 55.8%. Mkiondoa kamisheni ya asilimia 30 na udalali wa asilimia 2.5, washiriki wamebaki na takriban asilimia 11.7 ya ada waliyopokea. Kwa sehemu yao ya asilimia 70, hiyo ni kama TZS bilioni 1.15, pamoja na kwamba 2023 imo ndani.

Najua jicho la kila atakayesoma jedwali litatua kwenye 2023, kwa hiyo nieleze mwaka huo kwa kirefu.

Dai moja tu lilichukua TZS milioni 2,310. Ni ghala la vyombo vya plastiki na vifungashio, eneo la Unga Limited hapa Arusha, kinga iliyoanza Julai 2023. Liliungua usiku wa kuamkia 17 Februari 2024, na ndiyo sababu limekaa mwaka wa uandikishaji 2023 ingawa moto ni wa 2024. Nilifika pale saa moja asubuhi. Mabati yalikuwa yamejikunja kama majani makavu ya mgomba, na plastiki iliyoyeyuka ilikuwa imetiririka hadi mlangoni, ikapoa na kugandia sakafu na matairi ya foko lifti. Tangi la maji la ghala lilikuwa tupu. Mkadiria hasara alipofukua upande wa nyuma alikuta kisanduku cha umeme kilichounganishiwa waya wa chaja ya foko lifti bila fundi mwenye leseni, na kiungio kimoja cha shaba kikiwa kimeyeyuka kabisa. Mizigo ilipangwa hadi sentimita chache chini ya taa.

Lipo jambo ambalo lazima niliandike, maana mtu akiligundua baadaye bila sisi kulisema tutakuwa tumevunja uaminifu ambao biashara hii yote imesimama juu yake. Mkaguzi wetu alikwenda ghalani Agosti 2023. Ripoti yake ilitaka mizigo iachane na taa, tangi lijazwe na waya wa chaja urekebishwe ndani ya siku 90. Siku 90 zikapita na hakuna aliyerudi kuangalia. Uzembe huo ni wetu. Dai lilikuwa halali, likalipwa, na familia nyingi zilizotegemea mishahara ya ghala lile zilirudi kazini. Lakini kama tungefuatilia, huenda moto ule usingewaka.

Tangu Mei 2024 tumebadili utaratibu. Mali yenye thamani ya TZS milioni 500 au zaidi haipewi kinga kabla ya ukaguzi. Mapendekezo ya mkaguzi yana siku 60, na siku ya 61 mfumo unamzuia ofisa kutoa nyongeza yoyote hadi picha za marekebisho ziingizwe. Hadi Agosti mwaka huu tumekataa kuhuisha kinga 11 kwa sababu hiyo, baadhi zikiwa za wateja wa muda mrefu. Iliuma, lakini nasimama nalo.

Ukiondoa dai hilo, mwaka wa 2023 unabaki na madai ya TZS milioni 1,370, yaani 43.9% ya ada. Siombi mtu alifute. Moto uliwaka na washiriki walilipa. Ninachoomba ni kwamba bei isipangwe kana kwamba tunaunguza ghala la namna ile kila mwaka. Katika miaka sita hakuna dai jingine lililovuka TZS milioni 400.

Mvua za masika ya 2024, zilizokuja juu ya udongo ambao El Nino ya vuli ilikuwa imeshaulowesha, zilituletea madai 27 ya jumla ya TZS milioni 412, yaliyogawanyika kati ya mwaka wa 2023 na 2024. Mengi yalikuwa ya maduka na maghala madogo yaliyoko kwenye mikondo ya maji inayoshuka kutoka Meru, na machache upande wa Moshi. Sehemu yetu ya asilimia 30 ilikuwa chini ya milioni 124, hivyo mkataba wa ziada ya hasara haukuguswa. Maduka yaliyo chini ya mita 30 kutoka korongo sasa yanalipa ada ya juu na mteja anabeba asilimia 10 ya hasara ya mafuriko.

Akiba zilizobaki hazina siri. Ya 2024 inabebwa na loji ya makuti huko Karatu, TZS milioni 190; mkadiria hasara anasema bima ilikatwa pungufu ya thamani, kwa hiyo malipo yanaweza kushuka, lakini hatujapunguza akiba hadi pande zote zikubaliane. Ya 2025 ina moto wa jiko la hoteli mjini Moshi, milioni 240, tuliotaarifiwa 3 Agosti. Ripoti ya awali imeambatishwa.

Sasa maombi yetu. Kikomo kiongezwe kutoka TZS bilioni 6 hadi bilioni 8. Gharama za ujenzi zimepanda, na kuna hoteli zinazojengwa na kupanuliwa Arusha kwa matarajio ya AFCON 2027 ambayo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda. Leo mali inayovuka bilioni 6 tunaipeleka sokoni mojamoja, na mteja husubiri kinga huku vifaa vyake vimeshafika. Tunakadiria ada ya TZS milioni 4,250 kwa 2026.

Kuhusu kamisheni, tunapendelea asilimia 30 ibaki. Kiongozi wa mkataba akisisitiza kupunguza, tuko tayari kwa kamisheni inayopanda na kushuka kufuatana na matokeo: 27 uwiano ukifika 60% au zaidi, 33 ukiwa 45% au chini. Kamisheni ya 25 ya moja kwa moja, iliyotajwa kwenye simu mwezi uliopita, hatutaikubali. Haifidii hata gharama za ukaguzi ambao washiriki wenyewe wanautaka.

Tetemeko la ardhi linahitaji mazungumzo ya makini kuliko miaka iliyopita. Tuko kando ya Bonde la Ufa. Mitetemo ya Julai 2007 iliyotangulia mlipuko wa Oldoinyo Lengai ilisikika hapa mjini, na tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016 liliangusha majengo Bukoba. Jumla ya thamani tuliyoikatia bima ni TZS bilioni 1,640: Jiji la Arusha 710, Moshi 340, Karatu na maeneo jirani 190, mikoa mingine 400. Tunajua washiriki watataka kuweka kikomo kwa tukio moja. Naomba bei mbili, yenye kikomo na isiyo nacho, ili Bodi ione tofauti kwa shilingi.

Ombi la mwisho ni la malipo ya haraka. Kwa dai la ghala tuliomba fedha mara tu ripoti ya awali ilipotoka, na mshiriki mmoja alichukua siku 61. Mteja alikuwa akinipigia kila Ijumaa, nami sikuwa na jibu jipya la kumpa. Tunataka mkataba useme wazi: sehemu ya washiriki katika dai ikivuka TZS milioni 200, walipe ndani ya siku 14 tangu kupokea ripoti ya mkadiria hasara.

Migawo ya lazima kwa TAN-RE, ZEP-RE na Africa Re itangulie kwa viwango vinavyotakiwa, na sehemu inayobaki ipelekwe kwa washiriki wanaokubalika kwa masharti ya TIRA. Mshiriki aliyechelewa siku 61 aulizwe kwanza juu ya kifungu cha siku 14 kabla hajapewa nafasi.

Tungependa kupata bei kufikia 3 Novemba 2025. Tutatoa uamuzi wetu 24 Novemba, na slipu zilizosainiwa zitufikie 15 Desemba ili tuwasilishe mpango wetu TIRA bila kukimbizana na sikukuu. Kiongozi wa mkataba akitaka kujionea mwenyewe, tunamkaribisha Arusha wiki ya pili ya Oktoba. Nitampeleka Unga Limited, ghala limejengwa upya na tangi limejaa, kisha Moshi kwenye jiko lililoungua.

Viambatisho: orodha ya madai yote yaliyovuka TZS milioni 50, mgawanyo wa mali kwa ukubwa na eneo, ripoti ya mkadiria hasara ya ghala, ripoti ya awali ya Moshi, na mwongozo wetu mpya wa ukaguzi.

Nakutakia kazi njema.

Meneja wa Bima Mtawanyo

Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Mkuu wa Uandikishaji, Mkuu wa Madai